Nazi, samli, mawese au alizeti: mafuta gani sufuriani pale LDL inapopanda

Mtu akirudi kutoka maabara na karatasi inayoonyesha kolesteroli mbaya, yaani LDL, imepanda, swali la kwanza nyumbani huwa ni mafuta. Jirani mmoja atamwambia aache samli, mwingine atamsifia mafuta ya nazi, na muuza duka atamwonyesha jerikeni yenye maandishi makubwa kwamba mafuta yake hayana kolesteroli. Tuanze na huyo wa mwisho, kwa sababu ndiye anayewapotosha wengi.

Maandishi hayo ni ya kweli, ila hayakusaidii kuchagua. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, yawe ya nazi, ya mawese au ya alizeti. Kolesteroli ni kitu cha mnyama. Isitoshe, sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu yako haikutoka kwenye sahani, ini lako ndilo lililoitengeneza. Kinachobadilisha LDL zaidi ni aina ya mafuta unayokula. Ini lina vipokezi vinavyokamata LDL na kuiondoa kwenye damu. Mafuta shibe, yale yanayopenda kuganda, huvifanya vipokezi hivyo vipungue kazi, na LDL hubaki ikizunguka. Mafuta yasiyo shibe, hasa yale laini ya alizeti na soya, huvirudisha kazini. Kwa hiyo ukishika chupa dukani usiulize kama ina kolesteroli. Uliza ina mafuta shibe kiasi gani.

Hiki hapa kipimo cha kijiko kikubwa kimoja cha mililita 15, ambacho ni karibu gramu 14:

| Mafuta | Mafuta shibe kwa kijiko | Yanafaa wapi jikoni |
|---|---|---|
| Nazi | gramu 11.5 hadi 12 | Kuonjesha ladha, moto mdogo |
| Samli | gramu 8.5 | Kumalizia chakula, kukaanga kidogo |
| Mawese mekundu | gramu 7 | Sombe, maharagwe, samaki wa mchuzi |
| Oleini ya mawese (ya njano, iliyosafishwa) | gramu 6.3 | Kukaanga kwa mafuta mengi |
| Soya | gramu 2 | Mapishi ya kila siku |
| Alizeti | gramu 1.5 | Mapishi ya kila siku |

Nguvu ya mwili haitofautiani. Kila kijiko hapo kina kalori kama 120, na anayetaka kupunguza uzito hatapata nafuu kwa kubadilisha chupa tu.

Jerikeni ya njano ina nini ndani

Hapa Uganda ulinganisho huu una mtego wake. Mafuta mengi yanayouzwa kwa jina la mafuta ya mboga ni oleini ya mawese. Oleini ni ile sehemu nyepesi inayobaki majimaji baada ya mawese kusafishwa, kuondolewa rangi nyekundu na kutenganishwa na sehemu nzito inayoganda. Michikichi ya Kalangala, kwenye kisiwa cha Bugala, inalisha biashara hiyo hiyo, pamoja na mawese ghafi yanayoingizwa kutoka nje. Basi mtu anaweza kuacha samli, akanunua "mafuta ya mboga", akaamini amehamia kwenye kundi la alizeti, kumbe amehamia kwenye mawese. Ni nafuu kweli ukilinganisha na samli, lakini karibu nusu ya mafuta hayo bado ni shibe.

Soma maandishi madogo ya viungo nyuma ya chupa, achana na picha ya mbele. Ua la alizeti kwenye lebo si ushahidi. Ukiona neno mawese au oleini, basi ndiyo hayo, hata kama yamechanganywa na mengine. Mafuta ya kupima dukani, yale ya kufungwa kwenye kaveera, hayana lebo kabisa, na mara nyingi hutoka kwenye jerikeni kubwa ya oleini.

Ukiwa na friji unaweza kujihakikishia mwenyewe. Mimina vijiko viwili kwenye glasi safi iliyokauka vizuri, kwa sababu hata tone la maji litaleta ukungu na kukudanganya. Funika, weka friji usiku kucha. Asubuhi alizeti na soya zilizosafishwa zitakuwa bado zinaangaza, unaweza kusoma gazeti kupitia glasi. Oleini ya mawese itakuwa imechafuka kama maji ya kuoshea unga wa posho, au imeganda kabisa. Ikiwa ukungu umekaa chini na juu pako safi, kuna uwezekano mkubwa ni mchanganyiko. Wanaoishi Kabale hawahitaji friji. Asubuhi ya baridi mara nyingi chupa ya oleini huonyesha utando mweupe chini yenyewe. Jaribio hili lina mpaka wake: mafuta ya karanga na ya pamba nayo huweza kuwa mazito kwenye baridi, na oleini iliyochujwa mara mbili huchelewa kuganda. Linakupa dalili nzuri, lebo inabaki kuwa ya kwanza.

Nyumba ya watu watano

Tuchukue nyumba moja ya watu wazima watano mjini Jinja. Wanamaliza jerikeni ya lita 5 ya oleini kwa mwezi. Lita 5 ni kama kilo 4.5. Gawanya kwa siku 30, kisha kwa watu watano, kila mmoja anapata gramu 30 kwa siku, yaani vijiko vikubwa viwili na kidogo. Tuseme kila mmoja anakula kalori 2,000. Katika hizo gramu 30, mafuta shibe ni gramu 13.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibe yasipite asilimia 10 ya nguvu yote ya siku, ambayo kwa mtu huyu ni gramu 22 kutoka kwenye vyakula vyote. Jerikeni peke yake imeshakula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo kabla ya maziwa na nyama kuhesabiwa.

Mama wa nyumba ana LDL ya milimoli 4.1 kwa lita. Ana njia tatu mbele yake, na tafiti za kulisha watu kwa vipimo zimetupa viwango vya kukadiria kila njia.

Ya kwanza ni kubaki na mafuta yale yale na kupunguza kiasi, kutoka lita 5 hadi 3, huku pengo la tumboni likijazwa na posho au matoke zaidi. Watu wengi huchagua hii kwa sababu inaonekana ndiyo ya busara. Kwa LDL inashusha kama 0.05 tu, kiasi ambacho maabara haiwezi hata kukitofautisha na mabadiliko ya kawaida ya siku hadi siku. Sababu ni kwamba ulipopunguza oleini ulipunguza pia ile nusu nyingine isiyo shibe, iliyokuwa ikisaidia ini, na wanga uliouweka mahali pake hausaidii sana upande huu.

Ya pili ni kuondoa oleini na kuweka alizeti, lita 5 kwa lita 5. Hapa LDL inashuka kama 0.28. Mafuta shibe yametoka gramu 13.5 hadi kama 3, na nafasi yao imechukuliwa na mafuta yanayovuta LDL chini. Ni mambo mawili yanayosukuma upande mmoja.

Ya tatu ni kubadilisha na kupunguza kwa pamoja: lita 3 za alizeti badala ya lita 5 za oleini. Inashusha kama 0.22. Hii ndiyo tungeichagua sisi. Inakupa karibu robo tatu ya faida ya njia ya pili au zaidi kidogo, na kwa vile alizeti ni ghali kuliko oleini, pesa zilizookolewa kwenye lita mbili husaidia kulipia tofauti ya bei. Kwa mama huyu, 4.1 ingeelekea 3.9. Kama karatasi yake ya maabara imeandikwa kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 38.7: ni kutoka kama 159 hadi 150. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba kabla ya kulinganisha karatasi mbili, maana maabara zetu hazitumii zote kipimo kimoja.

Hayo ni makadirio ya wastani. Mtu mmoja hushuka mara mbili ya hapo, mwingine hatikisiki. Lakini mpangilio wa njia tatu haubadiliki, na ndio wa kukumbuka: aina ya mafuta ina uzito kuliko kiasi pale unapozungumzia LDL.

Ili lita 3 zitoshe kweli, andika kwa kalamu tarehe ya kufungua kwenye chupa na acha kumimina moja kwa moja sufuriani. Kwa sufuria ya maharagwe ya watu watano vijiko vitatu vinatosha kukaanga vitunguu na nyanya. Dodo na nakati zinaridhika na viwili. Mchuzi wa karanga hauhitaji hata tone, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta tayari, tena ya aina nzuri. Ukipika taratibu utayaona yakipanda juu yenyewe. Chapati ndiyo inayomaliza chupa. Mafuta huingia kwenye unga, yakapakwa kati ya mikunjo, kisha yakamwagwa tena kwenye kikaango. Na roleksi ya kando ya barabara haimo kwenye hesabu ya jerikeni yako, lakini imo mwilini.

Samli

Samli ina sehemu yake ya heshima, hasa magharibi, Ankole, ambako eshabwe haiwi eshabwe bila hiyo. Tatizo lake kwa mwenye LDL ya juu ni kwamba haiji peke yake. Vijiko viwili kwa siku ni gramu 17 za mafuta shibe. Nusu lita ya maziwa yasiyoenguliwa inaongeza gramu 11 au 12. Jumla imeshapita gramu 22 kabla nyama haijawekwa mezani. Samli pia ina kolesteroli yenyewe, karibu miligramu 40 kwa kijiko, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya tatizo.

Hatumwambii mtu wa Ankole aitupe. Atoe samli kwenye kukaanga kila siku, ambako ladha yake hupotea chini ya vitunguu na viungo, na aiweke mwishoni. Kijiko kidogo kimoja cha gramu 5 kikikorogwa kwenye maharagwe baada ya sufuria kutoka kwenye sigiri kinanukia zaidi ya vijiko viwili vikubwa vilivyokaangiwa tangu mwanzo. Kwa siku hiyo umetumia gramu 3 za shibe badala ya 17.

Nazi

Mafuta ya nazi ndiyo yanayobishaniwa sana, na ubishi una sababu. Ukitazama jedwali utadhani ndiyo mabaya kuliko samli. Haiko hivyo. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo hupandisha LDL na pia hupandisha HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri. Katika jaribio moja lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, watu walikula gramu 50 kwa siku kwa wiki nne, na waliokula siagi ndio LDL yao ilipanda kuliko ya waliokula nazi. Samli ni mafuta ya siagi, kwa hiyo tunaihesabu nazi kuwa nafuu kidogo kuliko samli.

Ila swali la jikoni kwako si nazi au siagi, ni nazi au alizeti. Tafiti zilipokusanywa pamoja na kuchambuliwa mwaka 2020, mafuta ya nazi yalipandisha LDL kwa kama miligramu 10 kwa desilita yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyo ya ukanda wa joto. HDL ilipanda kwa miligramu 4. Wauzaji huikamata hiyo 4 na kuinyamazia 10. Dawa zilizowahi kutengenezwa kupandisha HDL ziliipandisha kweli, lakini hazikuwapunguzia watu mishtuko ya moyo kama ilivyotarajiwa, ndiyo maana hatukubali kwamba moja inafuta nyingine.

Utasikia pia kwamba mafuta ya nazi ni ya mnyororo wa kati na yanaunguzwa mara moja na ini. Zile asidi fupi ambazo hilo ni kweli kwao ni kama asilimia 15 tu ya mafuta ya nazi. Lauriki, iliyo nyingi, kwa sehemu kubwa hupita njia ile ile ya mafuta marefu.

Hapa kwetu, mbali na pwani, chupa ya nazi ni ghali na nyingine zimetengenezwa kwa ngozi na nywele. Zenye manukato si za kula. Kwa anayeipenda kwenye wali, kijiko kimoja kwa sufuria ya nyumba nzima si tatizo.

Mawese mekundu

Haya yanajulikana zaidi Bundibugyo na kwa majirani zetu wa Kongo, na Kampala utayapata kwenye masoko wanakonunua sombe. Rangi yake ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na kwa watoto wadogo hilo ni jambo la maana. Kwa LDL yako karibu sawa na oleini ya njano, mabaya kidogo. Usiyapashe moto hadi rangi ipotee na moshi mweupe utoke, kama wapishi wengine wanavyofanya ili kuondoa harufu. Hapo umechoma karotini, umebaki na mafuta shibe bila kile kilichokufanya uyanunue.

Pale ambapo oleini inaishinda alizeti

Kukaanga kwa mafuta mengi ni hadithi nyingine. Mihogo, sambusa, mandazi na samaki wa kuzama vinahitaji mafuta yanayovumilia joto kwa muda mrefu. Ulaini ule ule unaoifanya alizeti iwe njema kwa ini unaifanya iharibike upesi inapopata joto, hewa na maji ya chakula. Oleini hustahimili zaidi, kwa hiyo mwenye kukaanga mihogo ya kuuza hana kosa kuitumia.

Mafuta yaliyochoka yanajieleza. Mapovu madogo yanajaa juu na hayaondoki unapotoa chakula. Moshi unaanza mapema kuliko jana kwa moto ule ule. Ukingo wa kikaango unapata gundi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Chakula kinatoka cheusi nje na kibichi ndani, kimeloa. Ukiona mojawapo, yamwage. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyochoka hakuyafufui, kunayaharibu mapya. Nyumbani, alizeti ya kuzamishia chakula itumike mara mbili, ichujwe makapi ingali vuguvugu, kisha iishie hapo.

Alizeti ghafi ya kukamuliwa kwenye mashine ndogo za Lira na kwingineko kaskazini ina faida ile ile kwa LDL, lakini hutoa moshi mapema na huchacha haraka. Iache itulie siku mbili au tatu, mimina ya juu polepole kupitia kitambaa safi, na iweke kwenye chupa iliyojaa, mbali na jua na jiko. Ikinuka kama rangi ya mafuta au daftari la zamani, imechacha.

Yapo pia mafuta meupe ya kopo yanayoganda. Yale yaliyohaidrojenishwa kwa sehemu, yaani yaliyogandishwa kiwandani kwa gesi ya haidrojeni, ndiyo mabaya kuliko yote tuliyoyataja, kwa sababu hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja. Lebo ikitaja hivyo, yarudishe rafuni, hata kama chapati zake ni laini.

Kujua kama imefanya kazi

Damu huanza kuitikia mafuta mapya ndani ya wiki mbili au tatu, lakini pima tena baada ya wiki nane, maabara ile ile, saa zile zile za siku. Katika wiki hizo usibadilishe kitu kingine kikubwa, la sivyo hutajua kilichoshusha ni nini. LDL ikishuka kwa 0.2 au zaidi, chupa imefanya sehemu yake, na kinachofuata kutazamwa ni maziwa, nyama yenye mafuta na chapati za nje. Isiposhuka kabisa, rudi kwenye jaribio la glasi kabla ya kulaumu mwili; huenda alizeti iliyonunuliwa haikuwa alizeti. Na kama namba ya kwanza ilikuwa 4.9 au zaidi, yaani 190 kwa miligramu, usingoje wiki nane. Kiwango hicho huweza kuwa cha kurithi, watoto na ndugu wa damu wanapaswa kupimwa pia, na daktari atahitaji kutoa dawa hata kama jikoni kumebadilika.